Kitanda cha Mtoto Kipo?

"Samahani kaka, tutakuja na mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka sita. Mna kitanda cha mtoto mchanga? Na mnaweza kutuongezea kitanda kimoja chumbani? Bei yake vipi?"

Likizo ya Desemba inapokaribia, ujumbe kama huu huingia kila siku kwenye simu za mapokezi ya hoteli za pwani. Jibu linalorudi mara nyingi ni fupi na la upole: "Karibu sana dada, tutajitahidi." Dada anashukuru, anafunga mizigo, anasafiri na wanawe kutwa nzima. Akifika saa moja usiku anaambiwa vitanda vya watoto vimekwisha, na kwamba kile cha kuongeza kipo lakini kinalipiwa kila usiku. Hakuna aliyemdanganya. Tatizo ni kwamba aliyemjibu hakwenda stoo, hakufungua daftari la vyumba wala hakupiga hesabu. Alijibu kwa tabasamu, na tabasamu halilazi mtoto.

Jibu linalomfaa mgeni huyu linahitaji kazi ya dakika kumi hivi, na ni vyema kuiona kazi hiyo inavyofanyika. Tuchukue hoteli ya mfano yenye vyumba 24 pale Bagamoyo. Familia inatoka Dodoma, inaingia tarehe 20 Desemba na kutoka tarehe 24. Wameshachukua chumba cha kawaida cha watu wawili kwa sh. 160,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwa ndani ya bei. Sasa wanaomba vitanda viwili ambavyo hoteli huvihesabu tofauti kabisa.

Cha kwanza ni kitanda cha mtoto mchanga, chenye kingo pande zote nne. Hoteli nyingi hukitoa bure kwa watoto walio chini ya miaka miwili, kwa kuwa mtoto wa umri huo hali chakula cha hoteli na kitanda chenyewe kinahitaji shuka moja tu ndogo. Cha pili ni kitanda cha ziada, kwa kawaida cha kukunja chenye magurudumu, upana wa futi mbili na nusu hivi. Hiki hulipiwa kwa sababu anayekilalia huja na shuka zake, taulo zake na sahani yake ya asubuhi. Mpaka wa umri hutofautiana. Kuna hoteli zinazomhesabu mtoto kuwa mtu mzima anapofika miaka 12, nyingine hungoja hadi 16. Kwa hiyo mhudumu huuliza umri kabla ya kutaja bei, na umri unaohesabiwa ni ule atakaokuwa nao mtoto siku ya kufika. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi kumi mwezi wa Septemba, ikifika Desemba amekwishavuka miwili.

Baada ya umri inakuja hesabu ya vitanda vyenyewe, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Hoteli yetu ilinunua vitanda vitatu vya watoto. Kimoja kipo kwa fundi tangu kufuli la upande mmoja livunjike, vimebaki viwili. Mhudumu mwenye haraka anaangalia tarehe 20 peke yake, anaona kimoja kiko wazi, anajibu "kipo". Lakini mgeni huyu halali tarehe 20 peke yake. Analala usiku wa tarehe 20, 21, 22 na 23, na kila usiku lazima utazamwe wenyewe.

Daftari linaonyesha kuwa chumba namba 4 kina kitanda cha mtoto tangu tarehe 19 na wageni wake wanatoka asubuhi ya tarehe 22. Chumba namba 11 nacho kimeahidiwa kitanda kuanzia usiku wa tarehe 22 hadi tarehe 26. Anayesoma majina tu ataona wageni watatu kwa vitanda viwili, atasema havitoshi. Anayehesabu usiku kwa usiku ataona jambo jingine: usiku wa tarehe 20 na 21 kimoja kinatumika namba 4 na kimoja kiko huru, na usiku wa tarehe 22 na 23 kinachotoka namba 4 ndicho kitakachokwenda namba 11. Familia ya Dodoma inakaa na kitanda chake kimoja muda wote bila kuhamishwa. Jibu ni "kipo", na mara hii lina msingi.

Lina msingi, ila kuna sehemu moja nyembamba. Siku ya tarehe 22 kitanda cha namba 4 kinatoka saa nne asubuhi na kinatakiwa namba 11 saa nane mchana. Ndani ya saa nne hizo kifutwe, shuka ibadilishwe, na kama godoro limelowa likaushwe. Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha pwani, na godoro dogo lililolowa halikauki kwa nusu siku ya mawingu. Hoteli inayojua hivyo huweka godoro moja la akiba, au angalau kifuniko cha plastiki chini ya shuka. Mgeni hahitaji kuelezwa habari hizi. Ni mhudumu wa mapokezi anayepaswa kumuuliza mkuu wa wahudumu wa vyumba kabla ya kuandika neno "tumethibitisha".

Swali linalofuata ni la nafasi, na mgeni hawezi kulijibu akiwa Dodoma. Chumba alichochukua kina kitanda cha tano kwa sita katikati, meza mbili ndogo pembeni, kabati ukutani na mlango wa bafu upande wa pili. Kitanda cha kukunja cha futi mbili na nusu kwa sita kinaingia chini ya dirisha. Kitanda cha mtoto, ambacho kwa kawaida ni sentimita 60 kwa 120, nacho kinaingia hapo hapo. Vyote viwili haviingii. Ukivilazimisha, kimoja kinaziba njia ya mlangoni, na baba akiamka usiku gizani kwenda bafuni atajikwaa kwenye kitanda cha mwanawe. Ndiyo maana hoteli makini huandika kwa kila aina ya chumba idadi ya juu ya watu na kitanda gani kinaweza kuongezwa: hiki kimoja tu, au kile. Swali la dada lilikuwa na vitanda viwili ndani yake, na kila kimoja peke yake kipo. Ukimjibu "ndiyo" kwa kimoja kimoja, umempa jibu la kweli kwa vipande na la uongo kwa ujumla.

Hapo mhudumu anatafuta njia nyingine, na zipo. Chumba cha familia kiko wazi usiku zote nne kwa sh. 220,000. Kina kitanda cha tano kwa sita, kingine cha futi tatu, na nafasi ya kitanda cha mtoto miguuni. Jumla ni sh. 880,000, yaani sh. 240,000 zaidi ya zile 640,000 walizokubaliana mwanzoni. Kama chumba cha kawaida kingetosha vyote, kitanda cha ziada kwa sh. 40,000 kwa usiku kingewagharimu sh. 160,000. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni sh. 80,000. Kuchukua vyumba viwili kungefika sh. 1,280,000, na wazazi wangelala mbali na mtoto mmoja. Mgeni akioneshwa jumla hizi anaweza kuamua na mwenzake jioni hiyo hiyo. Akitajiwa bei ya usiku mmoja tu, atapiga hesabu mwenyewe, na huenda akahesabu siku tano badala ya usiku nne.

Kodi nayo isifichwe. Kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18. Kitanda kilichotajwa kwa sh. 40,000 "bila VAT" kinakuwa sh. 47,200, na kwa usiku nne mgeni anadaiwa sh. 28,800 ambazo hakuzitarajia. Kenya VAT ni asilimia 16, na hoteli hutozwa pia ushuru wa utalii wa asilimia 2. Anayeandika jibu ataje bei ambayo mgeni ataiona kwenye risiti ya EFD, si ile ya kabla ya kodi. Na aitaje kwa shilingi: tangu Machi 2025 kanuni za nchini zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Jibu lenyewe, baada ya kazi yote hiyo, linaweza kusomeka hivi:

"Habari za jioni dada, na karibu sana Bagamoyo. Kwa usiku nne, kuingia tarehe 20 Desemba na kutoka tarehe 24, kitanda cha mtoto mchanga kipo na tumeshakuandikia. Ni cha kukunja, sentimita 60 kwa 120, kina shuka na neti yake, na hakina malipo. Kitanda cha ziada nacho kipo, ila chumba mlichochukua hakitoshi vitanda vyote viwili. Chumba cha familia kiko wazi tarehe zote: kitanda cha tano kwa sita, kingine cha futi tatu, na nafasi ya kitanda cha mtoto. Bei ni sh. 220,000 kwa usiku pamoja na VAT na chai ya asubuhi ya watu wazima wawili na mtoto wa miaka sita. Jumla ni sh. 880,000, ongezeko la sh. 240,000. Tunawashikilia hadi kesho saa kumi jioni. Mkipenda kubaki chumba cha awali, kitanda cha mtoto mchanga tutakiweka bure na mkubwa atalala nanyi. Chai yake ya asubuhi itakuwa sh. 8,000 kwa siku. Tunasubiri mtakaloamua."

Ni refu kidogo kwa ujumbe wa simu, lakini halimwachii dada swali la kurudi nalo. Anajua kipi kipo, kwa tarehe zipi, katika chumba gani, kwa shilingi ngapi hadi mwisho, na hadi lini nafasi inamngoja. Ile sentensi ya chai ya asubuhi ya mtoto ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Wazazi wengi huamini kwamba mtoto asiyechukua kitanda hana malipo yoyote, kumbe baadhi ya hoteli humtoza chakula.

Kuna neno jingine lisiloachwa: kitanda cha ziada ni kitu gani hasa. Katika nyumba nyingi za wageni, kinachoitwa hivyo ni godoro linalotandikwa sakafuni. Hakuna ubaya, watoto wengi hulifurahia, na wazazi wengine wenyewe huliomba. Lakini bei ya godoro la chini haipaswi kulingana na ya kitanda, na mgeni aliyekuja na mama yake mwenye magoti mabovu anahitaji kujua kabla. Basi iandikwe wazi: "godoro la chini, futi tatu, sh. 20,000 kwa usiku."

Wageni wanaopitia tovuti za kuweka nafasi wana shida yao. Booking.com, kwa mfano, huonyesha kwenye ukurasa wa hoteli kwamba gharama za vitanda vya ziada na vya watoto hazimo kwenye jumla ya bei, kwamba hulipwa kando, na kwamba vyote hutegemea kama vipo. Kile kisanduku cha maombi maalumu anachojaza mgeni huishia kuwa ombi tu. Kwa hiyo hata aliyekwishalipia chumba hana kitanda cha mtoto mpaka hoteli yenyewe imjibu kwa maandishi. Mzazi ambaye hajapata jibu siku chache kabla ya safari ana kila sababu ya kupiga simu na kuuliza moja kwa moja: "Mmenishikia, au mmepokea ombi tu?"

Kusema kitanda kipo ni kusema pia kwamba kinafaa kulaliwa. Hapa mhudumu hawezi kutegemea kumbukumbu, lazima kitanda kifunguliwe. Vile vya kukunja vya kitambaa na wavu vina utaratibu wake: kingo nne huinuliwa kwanza hadi kila moja ilie "tak", ndipo kitovu cha sakafu kinasukumwa chini. Anayeanza na sakafu hukuta kingo hazikamati, naye huzilazimisha, na hivyo ndivyo makufuli yanavyovunjika. Kitanda kikishasimama, mtu huegemeza kiganja katikati ya kila ukingo na kukandamiza. Ukilegea hata mmoja, kitanda kinarudi stoo na daftari linapunguzwa kimoja.

Godoro ni lile lile lililokuja nacho, jembamba na gumu. Wahudumu wenye huruma huongeza godoro la sponji juu yake wakidhani mtoto ataumia, na huruma hiyo ni hatari. Kina cha kitanda kinapungua, mtoto anaweza kupinduka juu ya ukingo, na penye pengo kati ya sponji na wavu uso wake unaweza kuzama akakosa hewa. Mto na blanketi nene navyo havitakiwi. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri mtoto mchanga alazwe chali, mahali pagumu pasipo na matandiko laini. Uzito nao una mpaka: vitanda vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa mtoto asiyezidi kilo 15, na mtoto aliyeanza kupanda kingo amekwishavizidi, hata akiwa mwepesi.

Hoteli nyingine huvitengenezesha vya mbao kwa mafundi, na vikitengenezwa vizuri hudumu miaka mingi. Kinachopaswa kupimwa kwa futi ya fundi ni nafasi kati ya fito na fito. Viwango vya Ulaya vinaitaka isizidi sentimita 6.5, ili mwili wa mtoto usipenye na kichwa kikabaki. Anayenunua cha mtumba aangalie kama upande mmoja unateremka. Vitanda vya namna hiyo vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya kuhusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 30, kwa kuwa vyuma vya upande unaoteremka vilikuwa vikichomoka na kuacha mwanya. Hoteli za huko zilipewa hadi Desemba 2012 kuviondoa vyote. Kitanda kama hicho kikiwa stoo, jibu kwa mgeni ni kwamba hakipo.

Bagamoyo ina mbu na malaria ipo, kwa hiyo neti ni sehemu ya kitanda. Ile kubwa ya chumbani hufunika kitanda cha wazazi tu. Kitanda cha kukunja kinaposogezwa dirishani hakina kulabu darini, na wavu wa kingo za kitanda cha mtoto haumzuii mbu anayeshuka kutoka juu. Kulabu moja ya ziada kwenye dari ya kila chumba kinachoruhusiwa kitanda cha kuongeza ni kazi ya nusu saa kwa fundi. Bila hiyo, saa nne usiku mhudumu ataitwa aje na kamba.

Wakati mwingine jibu ni "hakipo", na hilo nalo linajibiwa vizuri likijibiwa mapema. Mgeni anayejua wiki tatu kabla ana muda wa kuazima kitanda cha kukunja kwa ndugu, kubadili tarehe, au kutafuta hoteli nyingine. Hoteli inaweza kumwambia kwamba akija na chake kuna nafasi ya mita moja na robo kando ya kabati, na kwamba shuka na neti watampa. Kitu kisichofaa kupendekezwa ni kusogeza kitanda kikubwa ukutani na kuzungushia mito. Mtoto wa miezi minane hutambaa, na kati ya godoro na ukuta daima kuna pengo.

Jibu likishatumwa, bado linaweza kupotea. Mara nyingi limo kwenye simu ya mhudumu wa zamu ya jioni, na familia inafika zamu ya asubuhi. Ndiyo maana ombi huandikwa kwenye nafasi ya mgeni yenyewe, kwenye kompyuta au daftari, pamoja na bei iliyotajwa na jina la aliyeitaja. Asubuhi ya tarehe 20 linatokea kwenye orodha ya wahudumu wa vyumba: chumba cha familia, kitanda cha mtoto mchanga, kiwe kimefunguliwa na kutandikwa kabla ya saa nane. Siku ya kutoka, karani anayetoa risiti anaona sh. 880,000 na mstari unaosema kitanda cha mtoto hakina malipo, hivyo hakuna mabishano mlangoni mizigo ikiwa tayari garini.

Mipango hubadilika pia. Huenda tarehe 18 dada akaandika kwamba shangazi amewaazima kitanda na kile cha hoteli hawakihitaji tena. Ujumbe huo unastahili kushughulikiwa dakika ile ile kama ule wa kwanza: kitanda kinafutwa kwenye nafasi yao na kurudishwa kwenye hesabu ya usiku wa tarehe 20, 21, 22 na 23. Halafu mhudumu anatafuta ni nani aliyeambiwa "hakipo" wiki iliyopita kwa tarehe hizo, na kumwandikia kwamba sasa kipo.